Nani Aliyeiandika Orodha? Uhakiki wa Nadharia ya Wateule na Nadharia ya Uwingi kwa Kurejelea Mji wa New Haven

Ikisiri

Nadharia ya wateule hudai kwamba dola la kisasa huongozwa na kundi dogo linalofahamiana, hata pale ambapo uchaguzi hufanyika kwa haki. Nadharia ya uwingi hudai kwamba nguvu zimetawanyika miongoni mwa makundi mengi, na kwamba hakuna kundi moja linaloshinda katika kila jambo. Makala haya yanazihakiki nadharia hizo kwa kuurudia utafiti uliozikutanisha ana kwa ana, yaani ule wa Robert Dahl kuhusu mji wa New Haven, Marekani, pamoja na marejeo yake yaliyofanywa na William Domhoff. Inajengwa hoja kwamba wahakiki hao wawili hawakutofautiana sana juu ya yaliyotokea. Walitofautiana juu ya mahali pa kuanzia kutazama, na tofauti hiyo ndiyo iliyozaa majibu mawili.

Utangulizi

Gaetano Mosca na Vilfredo Pareto, wanazuoni wa Kiitalia walioandika mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, walishikilia kwamba kila jamii ina wachache wanaotawala na wengi wanaotawaliwa. Robert Michels aliipeleka hoja hiyo katika chama cha kisoshalisti cha Ujerumani mwaka 1911, akaonyesha kwamba hata chama kinachohubiri usawa huishia mikononi mwa viongozi wake wa kudumu. Hoja za waasisi hao hazitarudiwa hapa, kwa sababu zilikuwa pana mno kuweza kupimwa. Ubishi wenye manufaa kwa mtafiti ulianza pale wanazuoni wa Marekani walipojaribu kuzipima.

Mwaka 1953 Floyd Hunter alichapisha utafiti wake wa Atlanta. Mbinu yake ilikuwa ya kuuliza: watu wanaoujua mji vizuri walipewa majina, wakaombwa waeleze ni nani hasa wenye nguvu. Orodha ilichujwa hadi wakabaki watu 40, wengi wao wakiwa wafanyabiashara wakubwa. Miaka mitatu baadaye C. Wright Mills alitoa dai zito zaidi kuhusu taifa zima. Alisema kwamba maamuzi makubwa ya Marekani, hususan ya vita na uchumi, yamo mikononi mwa wakuu wa mashirika makubwa ya biashara, wakuu wa jeshi na wakuu wa serikali kuu, watu waliosoma shule zilezile na wanaohama kutoka kiti kimoja hadi kingine. Mills hakukana kwamba makundi ya masilahi hushindana bungeni. Alisema tu kwamba ushindani huo uko ngazi ya kati, na kwamba mambo makubwa huamuliwa juu yake.

Dahl, mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha Yale, hakuridhika. Katika makala yake ya mwaka 1958 alisema kwamba sifa ya kuwa na nguvu si ushahidi wa kuwa na nguvu. Anayedai kuna kundi linalotawala sharti aonyeshe mambo matatu: kwamba kundi hilo linaweza kutajwa waziwazi, kwamba zipo kesi za maamuzi muhimu ambapo matakwa yake yalipingana na ya makundi mengine, na kwamba katika kesi hizo matakwa yake ndiyo yaliyoshinda mara kwa mara. Hunter na Mills, kwa maoni yake, hawakutimiza sharti hili. Kipimo hicho ni cha haki kwa mtazamo wa kwanza. Hata hivyo, kina mlango mmoja uliofungwa, kwani kinahitaji mgongano. Pasipokuwa na mgongano, kipimo hakina cha kupima.

Utafiti wa New Haven ulifanywa ili kutekeleza kipimo hicho. Mji si dola, na Dahl alilijua hilo. Lakini mji una wapiga kura, vyama, benki, viwanda, chuo kikuu tajiri na fedha zinazotoka serikali kuu, na maamuzi yake yanaweza kufuatiliwa hatua kwa hatua, jambo ambalo Mills hakuweza kulifanya kwa maamuzi ya vita. Kwa sababu hiyo ubishi kuhusu dola la kisasa ulipiganiwa katika mji mmoja wa jimbo la Konektikati.

Alichokiona Dahl

Dahl alichagua maeneo matatu: uendelezaji upya wa mji, elimu ya umma, na uteuzi wa wagombea wa vyama. Katika kila eneo alifuatilia maamuzi ya miaka kadhaa, akauliza ni nani aliyependekeza, nani aliyepinga, na nani aliyeshinda. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1961, yalikuwa wazi. Watu wa familia zenye hadhi na watu wenye mali hawakuwa kundi moja. Waliojitokeza katika orodha zote mbili walikuwa wachache sana. Wenye mali walionekana katika uendelezaji wa mji, lakini kwa nadra katika vyama na elimu. Waliokuwa na sauti katika shule hawakuwa wenye sauti katika uteuzi wa wagombea. Waliovuka mipaka ya maeneo walikuwa wachache mno, na aliyejitokeza zaidi kati yao ni Meya Richard Lee, aliyechaguliwa mwaka 1953 na kuushika wadhifa huo hadi mwanzoni mwa 1970.

Kwa Dahl, huyu alikuwa mwanasiasa wa kuchaguliwa, si mjumbe wa matajiri. Lee alikuwa ameshindwa mara mbili kabla ya kushinda, na mara ya pili, mwaka 1951, alishindwa kwa kura 2 tu. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwapuuza wapiga kura. Isitoshe, yapo mambo ambayo hata yeye alishindwa kuyapata. Mwaka 1958 alipotaka katiba mpya ya mji itakayompa meya madaraka makubwa zaidi, wapiga kura waliikataa. Na kabla ya hapo, wakazi wa mtaa mmoja wa wafanyakazi, wengi wao wakiwa na asili ya Italia, walisikia kwamba mwekezaji anataka kusimamisha nyumba za mabati mtaani mwao. Watu ambao kwa kawaida hawakujishughulisha na siasa waliunda chama, wakajaa ukumbini na kuwatikisa madiwani. Dahl alilitumia tukio hilo kueleza kwamba wananchi wana akiba ya nguvu wasiyoitumia siku zote, na kwamba viongozi huishi wakijua akiba hiyo ipo.

Hoja hii ina uzito, na wahakiki wengi wa Dahl wameipita haraka mno. Nadharia ya wateule isiyoweza kueleza kwa nini katiba ya 1958 ilikataliwa, au kwa nini mwekezaji alikwama mbele ya wakazi wa mtaa wa kawaida, haijaeleza New Haven.

Tume isiyopinga kitu

Kiini cha utafiti, na pia ufa wake, kimo katika uendelezaji upya wa mji. Lee alipoingia madarakani aliunda tume ya wananchi, akaijaza wakuu wa benki, wakuu wa viwanda, rais wa Chuo Kikuu cha Yale, viongozi wa vyama vya wafanyakazi na watu wengine wenye majina. Dahl aliichunguza tume hiyo kwa makini, akagundua jambo la kushangaza. Wajumbe wake, watu wenye uwezo mkubwa kuliko wote mjini, hawakuanzisha pendekezo lolote kubwa, hawakupinga lolote, wala hawakubadilisha lolote walilopelekewa na meya na wasaidizi wake. Kwa kipimo cha 1958, tume haikuwa na nguvu: haikushinda mgongano wowote, kwa kuwa haikuwa na mgongano wowote.

Dahl alikuwa mtafiti mwaminifu, na hakuishia hapo. Aliandika kwamba meya na wasaidizi wake walikuwa hodari wa kukisia mapema ni nini tume itakikubali, na waliyatengeneza mapendekezo yao ipasavyo. Tume ilikuwepo ili mradi uonekane kuwa wa watu wazito, na ili mpinzani yeyote akute tayari benki, Yale na vyama vya wafanyakazi wamekaa upande mmoja.

Hapa msomaji hana budi kusimama. Ikiwa meya huyapima mapendekezo yake kwa kipimo cha yale ambayo wenye benki watayakubali, basi ukimya wa wenye benki hauthibitishi kwamba hawana nguvu. Waweza kuthibitisha kinyume chake, kwamba nguvu zao ni kubwa kiasi cha kutohitaji kusema. Ukweli mmoja unabeba tafsiri mbili, na kipimo cha Dahl hakina njia ya kuchagua kati yake. Lugha ya Kiswahili inaisaidia hoja hii kwa namna yake. Msemaji wa Kiswahili hutofautisha mwenye cheo na mwenye sauti, lakini pia humtambua kigogo ambaye jina lake halitajwi kikaoni na kila mjumbe anajua asichokitaka. Dahl alipima sauti, naye kigogo wa namna hiyo hana alama anayoiacha katika kumbukumbu za kikao.

Peter Bachrach na Morton Baratz waliliona pengo hilo mapema. Katika makala yao ya 1962 walisema kwamba nguvu zina sura mbili: ile ya kushinda katika jambo lililoletwa mezani, na ile ya kuzuia jambo lisiletwe kabisa. Anayehesabu maamuzi tu anaona sura ya kwanza pekee.

Marejeo ya Domhoff

Domhoff hakukaa katika nadharia. Alirudi New Haven, na kitabu chake kikatoka mwaka 1978. Dahl mwenyewe alimruhusu kuyasoma mahojiano ya utafiti wa awali, kitendo cha uungwana wa kitaaluma ambacho hakionekani kila siku. Domhoff aliyasoma pamoja na nyaraka za chama cha wafanyabiashara wa mji, na swali lake lilikuwa jingine. Hakuuliza ni nani aliyeshinda kikao. Aliuliza ni lini jambo hili lilikuwa jambo, na ni nani aliyelifanya liwe.

Jibu lilimrudisha nyuma ya uchaguzi wa Lee. Chama cha wafanyabiashara kilikuwa kikishughulikia mipango ya katikati ya mji tangu miaka ya 1940. Wakala wa uendelezaji wa mji ulikuwapo kabla ya Lee kuapishwa, chini ya meya aliyemtangulia, wa chama pinzani. Yale nayo ilihitaji ardhi ya kupanukia, na baadaye ikanunua kwa mji viwanja vya shule za sekondari vilivyokuwa jirani nayo. Lee mwenyewe, kabla ya kuwa meya, alikuwa akifanya kazi Yale katika ofisi ya habari. Tena Domhoff alipanua hesabu ya wenye mali kwa kuwaingiza wakurugenzi wa mashirika yaliyounganishwa na benki za mji, akaiweka sambamba na orodha za wanachama wa vilabu vya kifahari. Mpishano wa mali na hadhi ukawa mkubwa kuliko ule aliouripoti Dahl.

Je, Domhoff alimshinda Dahl? Kwa sehemu. Alithibitisha kwamba orodha ya mambo ya kufanywa haikuandikwa na meya peke yake, na kwamba Dahl aliianza hadithi katikati. Lakini ushahidi wake mwenyewe unaleta ugumu kwa nadharia yake. Ikiwa wafanyabiashara walikuwa na mipango tangu miaka ya 1940, kwa nini mipango hiyo ilisuasua hadi 1954? Matajiri walikuwa walewale, benki zilezile, ardhi ileile. Kilichoongezeka ni vitu viwili. Cha kwanza ni sheria ya makazi ya serikali ya shirikisho ya mwaka 1949, iliyoahidi kuibeba theluthi mbili ya gharama halisi ya kununua na kubomoa maeneo yaliyotangazwa kuwa chakavu. Cha pili ni mwanasiasa aliyeweza kuwaweka wapiga kura pamoja wakati nyumba zinabomolewa, na aliyekuwa na wataalamu wa kuandika maombi ya fedha haraka kuliko miji mingine. New Haven ilipata fedha nyingi za shirikisho kwa kila mkazi kuliko miji karibu yote ya Marekani.

Kwa hiyo kilichoonekana si tajiri anayemshika meya mkono, wala meya aliye huru mbele ya makundi yaliyo sawa. Wenye mali waliweza kuamua ni mambo gani yawe kwenye orodha, lakini hawakuweza kuyatekeleza bila meya. Meya aliweza kutekeleza, lakini hakuwa na orodha nyingine inayolipiwa. Nayo dola, iliyokuwa mbali Washington, iliipa orodha moja fedha na kuziacha nyingine bila kitu. Nadharia zote mbili zilimtazama meya na matajiri wake, na zikaichukulia dola kama mfuko tu, ilhali masharti ya sheria ya 1949 ndiyo yaliyoamua ni aina gani ya maendeleo yatakayowezekana.

Wakazi wa mtaa wa Oak Street ndio waliolijua hilo kwa gharama kubwa. Mtaa huo wa wahamiaji, Waamerika weusi na wapangaji wa kipato kidogo ulibomolewa katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 ili kupisha barabara kuu inayoingia katikati ya mji. Hawakushindwa katika kura yoyote ambayo Dahl angeweza kuihesabu. Ile akiba ya nguvu iliyowasaidia majirani wa nyumba za mabati haikuwafaa, kwa sababu kubwa moja: wale walikuwa wakilinda nyumba zao wenyewe mbele ya mwekezaji mmoja, na hawa walikuwa wapangaji mbele ya mpango uliokwisha kupata fedha. Agosti 1967, mji uliokuwa ukisifiwa kitaifa kama mfano wa kuigwa ulikumbwa na ghasia.

Ukimya unapimwaje?

Wafuasi wa uwingi wana jibu moja lisiloweza kupuuzwa. Ikiwa ukimya ni ushahidi wa nguvu, basi kila kitu ni ushahidi wa nguvu. Matajiri wakisema, wanatawala; wasiposema, wanatawala zaidi. Nadharia isiyoweza kukosea haisemi kitu. Steven Lukes, aliyeongeza mwaka 1974 kwamba nguvu zaweza hata kuyaumba matakwa ya watu ili wasilalamike, aliuongeza ugumu huo badala ya kuupunguza, kwani sasa hata kuridhika kunatiliwa shaka.

Njia bora ya kutoka hapo ilitolewa na Matthew Crenson mwaka 1971, na inastahili kusomwa zaidi kuliko inavyosomwa. Alichukua miji miwili ya viwanda vya chuma inayopakana katika jimbo la Indiana, yote ikiwa na hewa chafu. East Chicago ilitunga sheria ya kudhibiti moshi mwaka 1949. Gary ilisubiri hadi 1962. Tofauti iliyojitokeza ni kwamba East Chicago ilikuwa na kampuni kadhaa za viwanda, na Gary ilikuwa mji uliojengwa na kampuni moja ya chuma, ambayo chama tawala cha mji hakikutaka kuiudhi. Kampuni hiyo haikupiga kampeni dhidi ya sheria. Kwa miaka mingi haikusema lolote la maana, na hilo lilitosha. Ukimya wa Gary unapata maana kwa sababu jirani yake hakunyamaza: wakazi wa pande zote mbili walikuwa na mapafu ya namna moja. Mpinzani anaweza bado kusema kwamba watu wa Gary walithamini ajira kuliko hewa safi. Huenda ndivyo. Lakini sasa anabishana juu ya ushahidi, naye aweza kushindwa.

Charles Lindblom, aliyekuwa mwenzake Dahl pale Yale na mtetezi wa uwingi kwa miaka mingi, alikiri mwaka 1977 kwamba biashara haiko kama kundi jingine lolote. Mwanasiasa hahitaji kupigiwa simu na mwenye kiwanda ili amwogope. Inatosha ajue kwamba mtaji ukihama, ajira zitahama nao, na kura zitafuata. Maelezo haya yana nguvu kuliko yale ya vilabu vya kifahari, kwani hayahitaji njama. Yanaeleza pia kwa nini meya mwaminifu na meya fisadi waweza kufikia uamuzi uleule. Ila yana mpaka wake: pale fedha za umma au za wafadhili zinapozidi mtaji binafsi, hofu ya kuhama kwa mtaji hupungua, na anayepaswa kuchunguzwa ni mwandishi wa masharti ya fedha hizo.

Katika Afrika Mashariki suala hili linaingia moja kwa moja katika kazi ya washauri wa sera. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 118, inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Ripoti za ushirikishwaji huorodhesha waliofika, walichosema, na kilichobadilishwa katika muswada. Hicho ni chombo cha Dahl, na ni chombo chema: kinaonyesha ni nani aliyesikilizwa kati ya waliofika, na kinampa mwananchi msingi wa kwenda mahakamani. Kisichoonekana ndani yake ni muswada ulivyokuwa kabla ya kuchapishwa, ni nani aliyeuandika, ni njia gani nyingine ziliwekwa kando na kwa masharti ya nani. Mshauri anayesoma ripoti ya namna hiyo na kukuta hakuna mdau mkubwa aliyepinga hajajua bado kama mdau huyo hana nguvu au kama rasimu ilikwisha kumridhisha. Ili ajue, itambidi ailinganishe rasimu ya kwanza na ile ya mwisho, na atafute nchi jirani ambako jambo lilelile lilibishaniwa waziwazi.

Kazi ya Domhoff iliwezekana kwa sababu chama cha wafanyabiashara cha New Haven kilihifadhi barua na kumbukumbu zake, na mtafiti aliyemtangulia alihifadhi mahojiano yake kwa takriban miaka 20. Pale ambapo rasimu za kwanza huchanwa na mazungumzo ya awali hufanyika kwa simu, mtafiti wa maamuzi atabaki na kumbukumbu za vikao tu, naye ataiona jamii yake kuwa ya uwingi kuliko ilivyo.